Sapoti ikivunjika: puti uiuze wapi, na utoke lini

Swali: "Mtaalamu, hisa ilikuwa dola 106 na sapoti yake iko 100. Nikauza puti ya 100, nikanunua ya 95, mikataba mitano, zikiwa zimebaki siku 38. Nilipokea dola 1.00 kwa kila hisa. Sapoti ikavunjika, nikasubiri bei irudi, nikapoteza karibu yote. Straiki nizichague vipi, na sapoti ikivunjika nifanye nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, wengi watakuambia kosa lako ni kusubiri. Ni kweli ulisubiri mno, lakini kosa lilianza siku ulipofungua biashara. Uliuza puti palepale sapoti ilipo. Maana yake, siku sapoti inavunjika ndiyo siku ileile puti uliyoiuza inaingia ndani, na wewe huna hata hatua moja ya kurudi nyuma ukatafakari. Sapoti ni kengele. Kengele ina faida ikilia ukiwa bado na muda wa kutoka, na muda huo unapatikana kwa kuacha nafasi kati ya sapoti na straiki unayoiuza.

Nitaitumia hisa yako hiyohiyo. Bei za opsheni nitakazotaja nimezikokotoa kwa fomula ya kawaida ya Black-Scholes, nikikadiria mtikisiko wa asilimia 30 kwa mwaka. Kwenye skrini yako zitatofautiana kwa senti kadhaa, hasa kwa sababu puti za chini huuzwa kwa mtikisiko mkubwa zaidi, lakini picha itabaki ileile.

Kwanza, tazama tena hiyo sapoti. Unaiita 100, lakini chati haikupi namba moja. Tuseme bei iligusa eneo hilo mara tatu: mara ya kwanza ikageuka kwenye 100.40, ya pili kwenye 99.10, ya tatu kwenye 99.80. Hiyo sapoti ni ukanda wa kati ya 99 na 100.50, na mstari unaokuhusu ni ule wa chini, yaani 99. Chini ya hapo ndipo wote walionunua mara zile tatu wanakuwa na hasara mkononi. Juu ya hapo bei inaweza kuchezacheza bila kukuambia lolote jipya.

Pili, jiulize hisa hii hutembea kiasi gani kwa kawaida. Kwa mtikisiko wa asilimia 30 na siku 38, mwendo wa kawaida ambao soko linaukisia ni kama dola 10 kila upande. Toa 10 kwenye 106, unafika 96. Hapo utaona kwamba sapoti yako ya 100 iko ndani kabisa ya mwendo wa kawaida. Hisa haihitaji habari mbaya wala hofu ili iifikie. Kutembea kwake kwa mwezi mmoja kunatosha. Kwa hiyo unapofungua biashara kama hii, panga ukijua kwamba sapoti huenda ikajaribiwa. Likitokea, lisikushtue.

Sasa straiki ya kuuza. Njia ninayoitumia ni kuchukua mstari wa chini wa ukanda, kisha kutoa mwendo wa siku moja wa kawaida. Mwendo huo unaupata kwenye chati kwa kipimo cha ATR cha siku 14; kwa hisa hii uwe kama dola 2. Toa 2 kwenye 99, unapata 97. Sababu ya kutumia mwendo wa siku moja ni kwamba sharti langu la kutoka linategemea bei ya kufungia siku, na ninataka siku moja ya kawaida ya kushuka ikivunja sapoti, puti yangu iwe bado nje.

Baada ya kupata 97 kwenye chati, kailinganishe na delta. Puti ya 97 ina delta ya karibu 0.16. Kwa makisio ya haraka, hiyo ni nafasi ya asilimia 16 hadi 18 kwamba hisa itakuwa chini ya 97 siku ya mwisho. Lakini nafasi ya kuigusa 97 wakati wowote kabla ya siku hiyo ni kama mara mbili yake, yaani karibu mara moja katika kila tatu. Wauzaji wengi wa puti huisahau namba hii ya pili, na ndiyo inayowakosesha usingizi. Puti ya 100 uliyoiuza wewe ilikuwa na delta ya 0.24, kwa hiyo nafasi ya kuguswa ilikaribia nusu.

Bei ya opsheni haijui kama kuna sapoti. Ikiwa 97 iko chini ya sapoti imara au iko hewani tu, premiamu ni ileile. Faida unayoipata kwa kuiweka chini ya sapoti ni imani yako kwamba wanunuzi watatokea pale, pamoja na alama iliyo wazi ya kukuonyesha kwamba umekosea. Imani hiyo inaweza kuwa ya kweli au isiwe ya kweli. Alama unayo kwa hakika.

Hebu tuzipime spredi mbili. Ya kwako, kuuza 100 na kununua 95, inalipa dola 1.00, na hasara yake kubwa kabisa ni 4.00 kwa hisa. Ninayoipendekeza, kuuza 97 na kununua 92, inalipa kama 0.60, na hasara yake kubwa kabisa ni 4.40. Kwa mkataba mmoja wa hisa 100, hiyo ni dola 60 kwa hatari ya dola 440. Unapunguziwa malipo, na hatari inaongezeka kidogo. Unapata nini? Chukulia siku ya mwisho hisa imeshuka hadi 98.50, chini kidogo ya sapoti. Spredi ya 97 inakoma bila thamani, na dola 60 zote ni zako. Spredi ya 100 ina thamani ya 1.50, ulipokea 1.00, kwa hiyo umepoteza 50 kwa kila mkataba. Soko ni lilelile na mwendo ni uleule. Tofauti ni kwamba mmoja alijiachia nafasi.

Unaweza kujiuliza kwa nini tusishuke zaidi, hadi 95 na 90. Hiyo inalipa kama 0.41 kwa hatari ya 4.59. Ukiondoa ada ya dalali pamoja na senti unazopoteza kati ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji unapoingia na unapotoka, hakibaki cha kutosha kulipia siku moja mbaya. Mimi spredi ya dola 5 inayolipa chini ya senti 50 huiacha ipite. Kama kwenye hisa fulani straiki iliyo salama hailipi, basi hisa hiyo haina biashara mwezi huo. Kuisogeza straiki juu ili ilipe ni kuirudisha mahali ilipokuumiza.

Straiki ya kununua huamua hasara yako ya mwisho kabisa, na hapo ndipo idadi ya mikataba inapoamuliwa. Wengi hupanga idadi kwa kuangalia hasara wanayotarajia wakitoka mapema. Usifanye hivyo. Ipange kwa hasara kubwa kabisa, kwa sababu hisa inaweza kufungua asubuhi ikiwa 88 na mpango wako wote wa kutoka ukawa hauna maana. Ulikuwa na mikataba mitano yenye hatari ya dola 400 kila mmoja: dola 2,000. Kama kiasi unachoweza kukipoteza bila kuyumba ni dola 900, basi spredi ya 97 na 92 unachukua mikataba miwili, hatari 880. Kama unaweza kubeba dola 200 tu, usilazimishe; nunua puti ya 95 badala ya 92. Spredi inakuwa ya dola 2, inalipa kama senti 30, na hatari ni kama dola 170. Malipo ni madogo na ada itauma, lakini hesabu ni ya kweli.

Na kabla ya kubonyeza, angalia tarehe ya ripoti ya mapato ya kampuni. Ikiangukia ndani ya siku zako 38, sapoti haikulindi kitu. Bei hutoka 103 jioni ikaamka 93 asubuhi bila kupita katikati, na kengele niliyokuambia hailii kabisa. Premiamu nono unayoiona kipindi hicho ni malipo ya hatari hiyo.

Sasa mpango wenyewe. Uandike siku unayofungua, kabla pesa haijaanza kukuongoza. Wangu kwa biashara hii ungekuwa hivi. Spredi ikishuka hadi senti 30, yaani nusu ya premiamu, nanunua na kufunga. Senti 30 zilizobaki hazistahili kubeba hatari ya dola 4 na zaidi kwa wiki nyingine. Hisa ikifunga siku chini ya 99, natoka siku ya biashara inayofuata. Na wakati wowote ikigusa 97 katikati ya siku, natoka hapo hapo bila kungoja kufunga. Basi, ni hayo matatu.

Kwa nini bei ya kufungia na si kugusa tu? Kwa sababu sapoti zinazojulikana na kila mtu hutobolewa mchana na kurudishwa jioni. Watu wengi huweka oda zao za kujitoa chini kidogo ya ukanda. Bei inashuka, inazigusa, kisha wanunuzi wanaichukua. Kwenye chati unaona mshumaa wenye utambi mrefu chini na mwili uliofunga juu ya 99. Huo si mvunjiko. Straiki yako ikiwa 97, unaweza kuutazama utambi ukishuka hadi 98.20 na ukabaki umekaa. Ukiwa umeuza 100, utambi huo ungekutoa, au ungekufundisha kusubiri, na mafunzo hayo ni mabaya zaidi.

Tuseme basi siku ya 15 imefika, zimebaki 23, na hisa inafunga 98.20 kwa mshumaa mrefu na wingi wa mauzo mkubwa kuliko siku zilizotangulia. Hofu imepandisha mtikisiko hadi asilimia 36. Spredi uliyoiuza kwa 0.60 sasa inagharimu kama 1.72 kuinunua. Hasara ni 1.12, yaani dola 112 kwa mkataba, na puti yako bado iko nje kwa zaidi ya dola moja. Hilo huwashangaza wengi: hisa haijafika 97, lakini hasara imezidi premiamu yote karibu mara mbili. Ndivyo ilivyo, kwa sababu muda uliobaki bado ni mrefu na mtikisiko umepanda. Lijue mapema, usije ukaiona namba hiyo ukadhani kuna kosa na ukaamua kungoja.

Nikuambie jambo jingine ambalo wauzaji wa mbinu hii hawalisemi. Siku hiyohiyo spredi ya 100 na 95 ingegharimu kama 2.36, hasara ya 1.36. Tofauti na ile ya kwetu ni dola 24 tu kwa mkataba. Kushusha straiki hakukupunguzii sana maumivu ya siku ya mvunjiko. Kunachokupunguzia ni idadi ya mara ambazo utalazimika kuyapata, na kunakupa fursa ya kutoka ukiwa bado nje, wakati soko la puti zako bado lina wanunuzi na wauzaji wengi.

Ukingoja je? Wiki moja baadaye, hisa ikiwa 94 na zimebaki siku 16, spredi inagharimu kama 2.67. Hasara imetoka dola 112 hadi 207. Kuanzia hapo ikiteremka zaidi, unaelekea 440 kwa haraka. Nilishawahi kukaa na spredi ya namna hii hadi mwisho, nikijiambia kila siku kwamba "keshokutwa itarudi juu ya sapoti". Ilirudi kweli hadi chini ya ukanda, ikakaa pale siku mbili, kisha ikaanguka moja kwa moja. Sapoti iliyovunjika hugeuka dari: walionunua kwenye 99 na 100 wanangoja bei irudi pale wauze bila hasara. Ndiyo maana kurudi kidogo baada ya mvunjiko nakutumia kutoka kwa bei nafuu, sikutumii kupata tumaini.

Namna ya kutoka nayo ina utaratibu. Usiweke oda ya kujitoa yenyewe kwenye bei ya spredi. Dakika za mwanzo soko linapofungua, bei ya mnunuzi na ya muuzaji kwenye opsheni huachana mno, na oda hiyo inaweza kuamshwa na bei ambayo hakuna aliyefanya biashara kwayo. Weka tahadhari kwenye bei ya hisa yenyewe, 99 na 97. Asubuhi ya kutoka, acha nusu saa ipite, kisha weka oda ya bei maalumu ya kufunga puti zote mbili kwa pamoja, ukianzia bei ya katikati. Isipojazwa, ongeza senti 5 kila baada ya dakika chache. Kuokoa senti 10 kwa kukataa kulipa, halafu hisa ikashuka dola 2, ni hesabu mbaya.

Usifunge mguu mmoja. Hisa inaposhuka, puti ya 92 uliyoinunua inaonyesha faida, na vidole vitawasha kuiuza. Ukiiuza, umebaki na puti ya 97 isiyo na kinga, na hatari ya dola 440 imegeuka kuwa ya maelfu.

Utashauriwa pia kusogeza biashara mbele badala ya kukubali hasara. Tupige hesabu ileile siku ya 98.20. Ukifunga kwa 1.72 na kuuza 97 na 92 ya mwezi unaofuata, unapata kama 2.00, kwa hiyo umeongeza senti 28. Inavutia, lakini sasa umeshikilia puti iliyo karibu na bei, sapoti yake imeshavunjika, kwa siku 58, na hatari bado ni 4.12. Ukitaka kushuka hadi 92 na 87 mwezi huo unaofuata, inalipa kama 1.30 tu, unatoa senti 42 mfukoni, na hasara kubwa kabisa ya safari nzima inapanda hadi 4.82. Kipimo changu ni kimoja: kama nisingekuwa na biashara yoyote, je, leo ningefungua hii mpya? Ikiwa chini ya 92 kuna sapoti nyingine iliyo wazi, huenda ndiyo. Ikiwa jibu ni kwamba naifungua ili tu nisione hasara, nafunga na kuondoka. Bei ikija kufunga tena juu ya 100.50, naweza kuingia upya kwa hesabu mpya.

Hesabu ya jumla ya mpango huu uijue pia. Ukishinda senti 30 kila mara na kupoteza 1.12 kila sapoti inapovunjika, unahitaji kushinda karibu mara 79 katika kila 100 ili usipate wala usipoteze, kabla ya ada. Ukishikilia hadi upate 0.60 yote, unahitaji mara 65, ila unakaa sokoni kwa muda mrefu zaidi na unavunjikiwa mara nyingi zaidi. Sapoti unazochagua lazima ziwe zinashikilia kuliko hapo, na hilo utaliona tu kwa kuandika kila biashara: ukanda ulikuwa wapi, ulivunjika au la, ulitoka kwa kiasi gani.

Limebaki moja, la siku ya mwisho. Opsheni za hisa nyingi za Marekani zinaweza kutekelezwa na mwenye nazo siku yoyote. Puti ya 97 ikiwa ndani sana na thamani yake ya muda imekwisha, unaweza kuamka umekabidhiwa hisa 100 kwa dola 97, yaani dola 9,700 kwa mkataba. Usiogope: puti ya 92 bado inakulinda, na unaweza kuuza hisa pamoja na puti hiyo na kumaliza. Hatari yenyewe ni hisa kufunga Ijumaa ya mwisho kati ya straiki zako, tuseme 95. Puti uliyoiuza inakukabidhi hisa, puti uliyoinunua inakufa bila thamani, na Jumatatu unafungua ukiwa na hisa zisizo na kinga yoyote. Hata ikifunga 97.10, mwenye puti anaweza kuamua kuitekeleza baada ya soko kufungwa, habari mbaya ikitoka jioni ile. Opsheni za fahirisi kama SPX hazina tatizo hili kwa sababu hulipwa kwa fedha taslimu na hutekelezwa siku ya mwisho tu. Kwa hisa yako, bei ikiwa karibu na 97 wiki ya mwisho, nunua spredi uifunge kabla ya Ijumaa, hata kama inagharimu senti 20.